Kwenda polepole na kugeuza pikipiki mahali finyu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka stendini, hasa kwa vijana wanaoanza kazi ya boda Kisumu na wale waliokwisha kupata leseni lakini bado wanageuza kwa kusukuma na miguu. Majibu yanahusu pikipiki ndogo za kazi zenye klachi ya mkono, kama Boxer na TVS. Za umeme na skuta zina swali lao mwishoni.

## Klachi na mwendo

Nusu klachi ni nini hasa, na nitaipataje kwenye pikipiki yangu?

Ni ile sehemu ndogo ya safari ya leva ambapo pleti za klachi zimeanza kugusana lakini bado zinateleza. Ukibana leva hadi mwisho, injini inanguruma peke yake na tairi halipati kitu. Ukiachia yote, injini na tairi vimefungwa pamoja. Katikati kuna kipande kifupi ambapo unaweza kulipa tairi nguvu kidogo kidogo, na kazi yote ya mahali finyu hufanyika humo.

Kila pikipiki ina mahali pake, kwa hiyo usiende kwa kumbukumbu ya pikipiki ya jana. Simama mahali tambarare, miguu yote chini, gia ya kwanza, usiguse resi. Achia leva polepole sana na sikiliza. Sauti ya injini itashuka kidogo na utahisi pikipiki inataka kusogea. Hapo ndipo inaposhika. Bana tena milimita chache, isimame. Achia, isogee hatua moja. Rudia mpaka vidole vijue bila kuambiwa. Kwenye ardhi tambarare pikipiki nyingi ndogo zitasogea kwa klachi tu, bila resi kabisa, ukiwa peke yako.

Kwa nini nikikimbia pikipiki inatulia, lakini nikienda polepole inayumba?

Ikiwa na kasi, pikipiki hujirekebisha yenyewe: ikianza kulala upande mmoja, tairi la mbele hujipinda upande huohuo na kuirudisha. Chini ya kilomita 15 hivi kwa saa msaada huo unapungua sana, na kazi ya kusimamisha pikipiki inakuwa yako. Unaifanya kwa njia mbili: kwa kucheza na usukani kidogo kidogo, na kwa kuhakikisha tairi la nyuma halikosi nguvu.

Hiyo ya pili wengi hawaijui. Tairi la nyuma likisukuma, pikipiki huelekea kusimama wima. Nguvu ikikatika ghafla huku umelala kwenye kona, pikipiki huanguka upande wa ndani. Ndiyo maana wanaoanguka wakigeuza huanguka sekunde ileile waliyobana klachi yote kwa woga, au injini ilipozima.

Nipunguze mwendo kwa resi au kwa klachi?

Kwa klachi, ukisaidiwa na breki ya nyuma. Weka resi juu kidogo ya pale injini inaponguruma yenyewe, kisha iache hapo. Mkono wa kulia utulie. Ukitaka kusonga zaidi, achia leva kidogo, na ukitaka kupunguza, ibane kidogo. Mguu wa kulia uwe umekanyaga breki ya nyuma kidogo tu, kiasi cha kuifanya pikipiki ivute dhidi ya kitu.

Anayeendesha kwa resi peke yake klachi ikiwa imeachiwa yote hupata mishtuko, kwa sababu kwenye gia ya kwanza kila mguso wa resi unafika moja kwa moja kwenye tairi. Pikipiki inaruka, mwili unarudi nyuma, mkono unavuta resi zaidi. Umewahi kuona kijana akiparamia kibanda cha mama mboga hivyo. Klachi inayoteleza humeza mishtuko hiyo kabla haijafika kwenye tairi.

Si nitaichoma klachi nikiendesha hivyo?

Klachi ya pikipiki nyingi za aina hii ina pleti kadhaa zilizolowa ndani ya oili ya injini, na oili hiyo hubeba joto. Kuiteleza kwa sekunde kumi ukigeuza, au kwa nusu dakika ukipenya soko la Kibuye, hakuiui. Kinachoiua ni kuiteleza kwa muda mrefu ikiwa na uzito: kwa mfano kujishikilia mlimani kwa nusu klachi na abiria nyuma mpaka foleni isogee, badala ya kukanyaga breki. Vilevile tabia ya kuweka vidole juu ya leva ukiwa barabara kuu, ambapo klachi inateleza kidogo kilomita nyingi bila wewe kujua.

Dalili za klachi iliyochoka ni kwamba sauti ya injini inapanda lakini mwendo haupandi, hasa gia ya juu kwenye mlima, na unaweza kusikia harufu ya kuungua. Kabla ya kununua pleti mpya, angalia mambo mawili ya bei nafuu. Je, kebo imekazwa mno? Na je, oili iliyomo ni ya pikipiki? Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na hivyo hufanya pleti ziteleze. Chupa ya oili ya pikipiki huwa na alama ya JASO MA au MA2.

Kwa nini mwalimu anakataza breki ya mbele mahali finyu?

Kwa sababu usukani umepinda. Breki ya mbele ikishika tairi likiwa limenyooka, mbele inazama na kurudi, basi. Ikishika tairi likiwa limekunjwa, uzito wote unasukumwa mbele na kando kwa pamoja, na pikipiki inalala chini kabla hujafikiri. Kwenye changarawe tairi la mbele hufungika na kuteleza kwa mguso mdogo sana. Ukigeuza, toa vidole vyote kwenye leva ya breki ya mbele na uvizungushe kwenye mshiko wa resi. Vikibaki pale juu, siku ya kushtuka vitabana vyenyewe.

Usukani ukinyooka, breki ya mbele inarudi kuwa breki yako kubwa kama kawaida.

## Macho, mwili na miguu

Kila mtu ananiambia niangalie mbali. Je, sitagonga kitu kilicho karibu?

Kilicho karibu ulikwisha kukiona kabla hujafika. Shimo, jiwe, kuku: uliviona ukiwa mita kumi nyuma, ukapanga njia. Ukishafika juu yake huna la kufanya tena kwa mwendo huo isipokuwa kuyumba. Mama anayetoka mtoni na ndoo kichwani haangalii vidole vyake vya miguu.

Sababu yenyewe ni kwamba mikono hufuata macho. Ukiangalia tairi la mbele, unaanza kurekebisha kila mtikisiko mdogo, na kila rekebisho linaleta jingine. Ukiinua macho hadi kule unakotaka kufika, mirekebisho inakuwa michache na mipana. Ukiangalia mtaro, utaenda mtaroni.

Wakati wa kugeuza, kuangalia maana yake ni kugeuza kichwa chote, kidevu kifike begani. Kugeuza macho pekee hakutoshi, kwa kuwa mabega hayafuati na mikono haikunji usukani vya kutosha. Jaribio rahisi: zunguka duara kwenye uwanja ukiangalia mbele ya tairi, kisha uzunguke ukiangalia upande wa pili wa duara, ng'ambo kabisa. Duara la pili litakuwa dogo bila wewe kufanya kingine chochote.

Niegemee upande gani? Barabara kuu naegemea ndani ya kona.

Mahali finyu ni kinyume. Pikipiki inalala ndani, wewe unabaki wima au unaelekea nje kidogo. Ukigeuza kulia, uzito wako uhamie kwenye tako la kushoto na kwenye futresti ya kushoto, goti la kulia liachane na tangi kidogo. Kwa mwendo mdogo hakuna kasi ya kukushikilia ukilala pamoja na pikipiki. Mwili wako unakaa upande wa pili kama uzani wa mizani, hivyo pikipiki inaweza kulala zaidi na tairi likakata duara dogo.

Usizidishe. Huhitaji kuning'inia. Ukiona umekunja kiwiko na shingo imekakamaa, umekwisha kupita kiasi.

Miguu niiache ikining'inia ili nijikinge?

Hapana. Miguu inayoburutika inahamisha uzito ovyo, na mguu wa kulia ukiwa chini huna breki ya nyuma, yaani umetupa nusu ya udhibiti wako. Panda futresti mara pikipiki inaposogea. Kama ni lazima mguu ushuke ukisimama, uwe wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki.

Kuna jambo jingine la mguu wa kulia: egzosti ya nyingi ya pikipiki hizi iko upande huo. Ukianguka kulia huku mguu umenyooshwa kuizuia pikipiki, unaungua na pengine unavunjika. Pikipiki ikishapita pale unapoweza kuishikilia, iache ilale, wewe toka.

## Kugeuza kurudi ulikotoka

Nahitaji nafasi kiasi gani?

Ukikunja usukani mpaka mwisho, tairi za pikipiki ndogo nyingi huzunguka ndani ya mita 4 hivi. Lakini usukani, futresti na magoti yako hutokeza nje ya njia ya tairi, na hakuna mtu anayekunja mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Anayejifunza apange mita 7. Mita 6 ni kwa aliyezoea. Mita 5 ni kwa fundi wa kweli kwenye ardhi kavu. Chini ya hapo, geuza kwa kusukuma, hakuna aibu.

Pima kwa hatua: hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu robo tatu ya mita, kwa hiyo hatua nane ni mita 6. Ukishapima njia tatu nne za mtaani kwako, jicho litajifunza.

Nipe mfano kamili, mwanzo hadi mwisho.

Chukua njia ya ndani ya Manyatta, ya vumbi lililoshindiliwa, upana wa hatua nane. Kushoto kwako mtaro, kulia ukuta wa mabati. Kama njia nyingi zetu, katikati imeinuka na kingo zimeshuka ili maji yaende mtaroni. Uko peke yako, na unataka kurudi ulikotoka.

Kwanza uko kushoto kabisa, nusu mita hivi kutoka mtaroni, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Indiketa ya kulia. Kioo, kisha geuza kichwa uangalie nyuma juu ya bega la kulia, kwa sababu boda mwingine akikuona unapunguza mwendo atakupita upande huohuo unaotaka kuingia. Hiyo ndiyo ajali ya kawaida ya kugeuza, na inampata hata mwenye klachi nzuri. Kama kuna mtu, simama kushoto apite.

Njia ikiwa wazi, weka resi yako ndogo na uiache. Klachi ndani ya nusu, mguu wa kulia kwenye breki kidogo. Kabla ya kukunja, uzito uhamie kushoto. Sasa geuza kidevu hadi bega la kulia, tafuta ile njia uliyokuja nayo, kwa mbali, na ukunje usukani kwa mkono mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta. Usiangalie mabati. Yatapita kwenye kona ya jicho, na yataonekana karibu kuliko yalivyo.

Nusu ya kwanza unapanda kuelekea katikati ya njia. Pikipiki inaweza kuchoka hapa, na ndipo injini huzima. Achia leva kidogo tu, umbali wa unene wa kucha, tairi lipate nguvu. Resi usiguse.

Ukishavuka mgongo wa njia, ardhi inashuka kuelekea mabati. Pikipiki inataka kuongeza mwendo, na duara linapanuka. Hapa wengi hubana klachi yote, pikipiki ikalala ndani. Wewe bana leva kidogo na ongeza breki ya nyuma kidogo, kwa pamoja, ili tairi liendelee kuvuta dhidi ya breki. Usukani ubaki umekunjwa. Kichwa kibaki kimegeuka. Ukikirudisha mbele sasa, mikono itanyoosha usukani na utakwenda ukutani.

Tairi la mbele likielekea kule unakotazama, achia breki, achia klachi taratibu, na pikipiki itasimama wima yenyewe. Kata indiketa. Yote hiyo ni kama sekunde sita au saba.

Katikati ya kugeuza nikiona nafasi haitoshi, nifanyeje?

Usisimame usukani ukiwa umekunjwa. Nyoosha usukani kwanza, hata kwa nusu mita, ndipo ukanyage breki ya nyuma, bana klachi, weka mguu wa kushoto chini. Pikipiki iliyosimama ikiwa imenyooka inakaa kwenye mguu mmoja. Iliyosimama imepinda inaanguka.

Kisha maliza kwa kusukuma. Kama pua imeelekea mteremkoni, kuirudisha nyuma ni kazi, kwa hiyo ukiwa na hiari, simama kabla ya kuvuka mgongo wa njia: pua juu, na pikipiki itarudi nyuma kwa uzito wake ukiishikilia kwa breki. Ukihisi unaanguka lakini nafasi ipo, dawa ni kuachia klachi kidogo zaidi, si kubana. Sababu iko kwenye swali la kuyumba, juu.

Kwa nini kugeuza kushoto ni rahisi kwangu kuliko kulia?

Kwa wengi ni hivyo, na mara nyingi sababu ni mikono. Ukikunja kulia mpaka mwisho, mkono wa kushoto unanyooka na leva ya klachi inakwenda mbali. Mwenye mikono mifupi anaivuta bila kutaka, nguvu inakatika, anaanguka. Wakati huohuo mkono wa kulia unarudi tumboni na kifundo kinajikunja kwenye resi. Sogea mbele kwenye kiti, karibu na tangi, na ushushe mabega. Kiwiko cha kulia kiinuke nje badala ya kubanwa mbavuni. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, kugeuza kurudi huwa kulia, kwa hiyo fanya mazoezi zaidi upande unaouchukia.

Mazoezi yenyewe yaweje?

Uwanja wa shule jioni au wa kanisa siku ya kazi unatosha, kwa ruhusa ya wenyewe. Kibuye sahau siku ya Jumapili. Pima mita 20 kwa hatua na uzipite polepole uwezavyo bila kuweka mguu. Sekunde 15 ni mwendo wa mtu anayetembea. Ukifika 20 bila kuyumba, klachi yako iko sawa. Kisha weka chupa zilizojaa mchanga na uzunguke namba nane kati yake, ukizisogeza karibu kila unapozoea. Namba nane ni bora kuliko duara kwa sababu inakulazimisha kubadili macho na uzito upande wa pili.

## Abiria na mizigo

Nikiwa na abiria, nini kinabadilika?

Uzito umehamia nyuma na juu. Tairi la mbele limekuwa jepesi, usukani unayumba zaidi, na pikipiki inahitaji nguvu zaidi kuanza kusogea, kwa hiyo resi yako ndogo iwe kubwa kidogo kuliko ukiwa peke yako. Ongeza mita nzima kwenye nafasi unayohitaji.

Kinachokuangusha hasa ni abiria anayejisogeza. Ukilaza pikipiki kulia, yeye kwa woga anaegemea kushoto, kisha anaona amezidisha anarudi. Mwambie kabla: "Mama, nageuza hapa, kaa tu vile ulivyo, usisogee." Kwa mzee ni vilevile, kwa heshima. Sentensi moja inatosha. Na kama njia ni finyu kweli, mwombe ashuke, geuza, apande tena. Hakuna mteja aliyewahi kukasirika kwa kushushwa sekunde thelathini, ila wako wengi waliokasirika kwa kuangushwa.

Abiria anayekaa upande, miguu yote kushoto?

Uzito wake uko kushoto kabla hujaanza. Ukigeuza kulia, anakuwa kama yule uzani wa nje tuliousema, na pikipiki inaweza kugeuka vizuri. Hatari inakuja unaponyooka, kwa sababu itavuta kushoto. Ukigeuza kushoto anakuvuta ndani tangu mwanzo, na magoti yake yanatokeza upande wa mtaro. Hana pia pa kushika vizuri. Mwombe apande kwa kutanua miguu, na kama nguo hairuhusu, mshushe ugeuze.

Gunia la mahindi au mitungi ya maji?

Gunia lililolazwa kwa upana linakufanya uwe mpana kuliko unavyohisi, na ncha yake itagonga ukuta wakati wewe umepita. Mitungi yenye maji nusu ni mibaya kuliko iliyojaa, kwa kuwa maji yanahama ukilaza pikipiki na yanarudi ukishainuka. Jaza au mwaga. Kamba ikicheza, mzigo utafanya hivyohivyo.

## Kosa likiwa la pikipiki

Nikikunja usukani, injini inapanda resi yenyewe. Ni mimi?

Si wewe. Kebo ya resi imebanwa au imepitishwa vibaya, na usukani ukikunjwa inavutwa. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gia huru, injini ikinguruma, kisha kunja usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Sauti isibadilike hata kidogo. Ikipanda, usigeuze nayo mahali finyu mpaka fundi apitishe kebo upya. Hutokea sana baada ya kubadilisha usukani au kuongeza kishikio cha simu na nyaya.

Klachi yangu inashika leva ikiwa karibu kuachiwa yote. Ni sawa?

Pengine kebo imekaza, au pleti zimeisha. Ncha ya leva inapaswa kucheza bure milimita 10 hadi 15 hivi kabla ya kuanza kuvuta. Kitabu cha pikipiki yako kina kipimo chake. Isipocheza, klachi inateleza hata ukiachia. Ikicheza mno, klachi haiachii vizuri, pikipiki inasogea ukiwa umebana yote na gia inakuwa ngumu kuingia. Kirekebishio kiko palepale kwenye leva na huzungushwa kwa vidole. Ukishakirekebisha, tafuta upya mahali inaposhika.

Kagua pia mnyororo. Ukilegea mno, kila ukiachia klachi unapata kishindo, na utadhani kosa ni la mkono wako. Na kama usukani unanasa katikati, kama umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimelika. Pikipiki ya namna hiyo haiendi polepole kwa mstari ulionyooka, hata apande nani.

## Hali ngumu

Mvua imenyesha. Nageuzaje kwenye matope?

Udongo mweusi wa Nyalenda na wa uwanda wa Kano ukilowa, unajaa kwenye tairi na tairi linakuwa laini kama sabuni. Pikipiki isilale sana: tumia duara pana na mwendo mdogo zaidi. Hapa breki ya nyuma ni ya kugusa tu, kwa kuwa tairi la nyuma likifungika linapita pembeni. Kama kuna kipande cha lami au cha kokoto mbele, nenda ukageuze huko. Ukilazimika hapohapo, geuza kwa kusukuma.

Mlimani, kama barabara ya kupanda Riat?

Shauri langu ni usigeuze mlimani. Endelea mpaka penye tambarare au njia ya kuingilia. Ukigeuza kulia huku umeelekea juu, katikati ya kugeuza upande wako wa ndani ndio wa bondeni: mguu hautafika chini, na pikipiki itaanguka huko. Ukiwa umeelekea chini na kugeuza kulia, mguu wa ndani unapata ardhi, lakini nusu ya pili ni ya kupanda ukiwa umekunja, na injini ikizima hapo unarudi nyuma. Ukilazimika, hii ya pili ni nafuu, kwa resi kubwa kidogo. Na magari yanashuka kwa kasi, kwa hiyo angalia nyuma mara mbili.

Foleni ya tuktuk na mikokoteni sokoni?

Hapa hakuna kugeuza, kuna kupenya. Nusu klachi na breki ya nyuma kama kawaida, lakini angalia tairi la mbele la tuktuk badala ya dereva: tairi likianza kupinda, itahama kabla hajakuonyesha ishara. Upana wako ni wa usukani na vioo, kwa hiyo pengo ambalo vioo haviingii si pengo. Ukitaka kurudi ulikotoka, ingia kichochoro cha kushoto, geuza ndani, utoke.

Pikipiki ya umeme na skuta hazina klachi. Nifanyeje?

Kwenye skuta ya petroli, klachi inajishika yenyewe injini ikifika mzunguko fulani. Shikilia resi juu kidogo ya hapo na udhibiti mwendo kwa breki ya nyuma, ambayo mara nyingi iko kwenye mkono wa kushoto. Ukirudisha resi chini kabisa, klachi inaachia na unaanguka kama aliyebana leva.

Za umeme hutofautiana. Nyingine zinakuruhusu kuvuta resi huku umekanyaga breki, na hapo mbinu ni ileile. Nyingine hukata umeme mara tu breki inapoguswa, kwa usalama, na hapo kugusa breki katikati ya kugeuza ni sawa na kubana klachi yote. Jaribu yako ukiwa umenyooka, mahali wazi: endesha polepole, resi kidogo, kisha gusa breki usikie kama mota inakata. Ikikata, punguza mwendo wote kabla ya kukunja, kisha zunguka kwa resi tu, kwenye nafasi ya mita 7 au zaidi.